Kitanda cha Chuma, Kitanda cha Mbao: Kwa Nini Kimoja Hukuchoma kwa Baridi Ilhali Joto Lao ni Moja

Muhula ukikaribia kuanza, wazazi wanaopeleka watoto shule za bweni huko Kabale, kusini magharibi mwa Uganda, huanza mabishano yale yale. Shule nyingi zina deka za chuma, vile vitanda viwili au vitatu vilivyopandana, na mzazi anayeingia bwenini alfajiri akashika mguu wa kitanda huuruhusu mkono kurudi haraka. "Mwanangu atalalaje juu ya barafu hii?" Mwingine husema afadhali fundi atengeneze vitanda vya mbao, kwa sababu chuma "kina baridi yake". Wa tatu huongeza kwamba chuma huvuta nimonia. Matroni husimama pale akisikiliza, hana la kujibu, maana naye akishika chuma mkono unamwambia hivyo hivyo.

Mkono haudanganyi kabisa. Ila unajibu swali tofauti na lile tulilouliza.

Tutenganishe kwanza vitu viwili ambavyo katika mazungumzo ya kawaida tunaviita kwa jina moja. Halijoto ni kiwango, yaani kile kinachosomwa kwenye kipimajoto kwa nyuzi. Joto ni kitu kinachosafiri: nishati inayotoka mahali penye halijoto ya juu kwenda penye halijoto ya chini, na safari hiyo huenda upande huo mmoja tu. Baridi haisafiri. Hakuna kitu kiitwacho baridi kinachotoka kwenye chuma na kuingia kiganjani. Kinachotokea ni joto lako kuondoka, na mwili kukasirika kwamba limeondoka upesi.

Sasa chukua bweni lenyewe. Kabale iko kati ya mita 1,800 na 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku nje halijoto hushuka mara nyingi hadi nyuzi 12 au 10. Ndani tuseme ni nyuzi 16. Deka ya chuma na kabati la mbao vimesimama humo usiku kucha. Kama chuma kingekuwa na halijoto ya chini kuliko hewa inayokizunguka, joto lingetoka kwenye hewa likaingia kwenye chuma mpaka vilingane. Kama mbao zingekuwa juu, zingetoa joto mpaka zishuke. Chuma hakitengenezi baridi wala mbao hazitengenezi joto, kwa hiyo hakuna kinachoweza kuzuia usawa huo kufika. Kuna ukweli mdogo wa pembeni: usiku halijoto inaposhuka polepole, bomba jembamba la kitanda hufuata hewa haraka kuliko gogo nene la mbao, kwa hiyo kwa muda kitanda cha chuma kinaweza kuwa mbele kwa sehemu ya nyuzi moja. Tofauti hiyo ni ndogo mno, haiwezi kueleza kile mkono unachosikia. Kitu pekee bwenini ambacho hakilingani na chumba ni watoto wenyewe, ambao miili yao inachoma chakula usiku kucha ili ibaki kwenye nyuzi 37.

Asiyeamini maelezo haya anaweza kuhakikisha kwa vipande viwili vya barafu kutoka friji ya dukani. Pindua sufuria nzito, uiweke kando ya ubao wa kukatia mboga, viache vyote mezani saa nzima, kisha uviguse. Sufuria itakuwa "baridi" na ubao utakuwa "vuguvugu". Weka kipande cha barafu juu ya kila kimoja. Kama sufuria ingekuwa na halijoto ya chini kweli, barafu yake ingedumu zaidi. Utaona kinyume: barafu ya kwenye sufuria huanza kutoa maji mara moja na kuteleza huku na huku, ile ya kwenye ubao ikiwa bado imara. Chuma kile kile kilichonyang'anya mkono wako joto sasa kinaipa barafu joto, na kwa haraka ile ile. Hakina upendeleo. Kinapitisha tu.

Kipimajoto cha kawaida nacho kitathibitisha, mradi ukifunge vizuri kwenye mguu wa kitanda, ukifunike kwa kitambaa ili kisisome hewa, na kukiacha robo saa. Lakini jihadhari na vile vipimajoto vya bastola tulivyovizoea milangoni wakati wa korona. Vile vya kupima watu vimewekewa mipaka ya mwili wa binadamu, kwa hiyo ukielekeza kwenye ukuta wa nyuzi 16 kitakuandikia "Lo" na kukataa kusema zaidi. Hata vile vya mafundi hupotoka kwenye chuma kinachong'aa, kwa sababu chuma kama hicho hutoa mionzi michache ya joto lake chenyewe na kurudisha mingi ya vitu vilivyo mbele yake, ukiwemo mwili wako wewe uliyesimama na bastola. Unaweza kujikuta unaambiwa sufuria ina joto kuliko ubao! Mafundi hubandika kipande cha utepe mweusi juu ya chuma, wakasubiri kidogo, halafu wakapima utepe.

Tukubali basi kwamba vyote viwili viko nyuzi 16. Mkono unapima nini?

Ngozi haina njia ya kujua halijoto ya kitu kilicho nje yake. Miisho ya neva inayohisi baridi iko ndani ya ngozi, chini kidogo ya uso wake, na kila mmoja hujua halijoto ya pale ulipo tu, na kama inashuka haraka au polepole. Mwaka 2002 watafiti wa makundi mawili tofauti, moja la David Julius na jingine la Ardem Patapoutian, waligundua protini iliyo kwenye neva hizo ambayo hufunguka ngozi inaposhuka chini ya takriban nyuzi 26. Protini hiyo hiyo hufunguliwa na mentholi, ndiyo maana dawa ya kuchua au peremende hukupa hisia ya baridi hata kama hakuna kilichopoa. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobeli ya tiba mwaka 2021 kwa kazi yao juu ya jinsi mwili unavyohisi joto na mguso. Kwa hiyo ujumbe wa "baridi" unaofika kichwani ni habari za ngozi yako, si habari za kitanda. Swali la kweli ni hili: kwa nini ngozi hushuka sana ikigusa chuma na hushuka kidogo ikigusa mbao?

Fikiria paki ya taksi ya Kampala wakati magari yanaposhusha abiria. Kwenye steji yenye boda boda nyingi, anayeshuka hupakiwa na kuondoka papo hapo, nafasi inabaki wazi, na wa nyuma yake anashuka bila kusukumana. Kwenye steji yenye boda boda mbili tu, abiria wa kwanza hujazana mlangoni, na waliobaki ndani hawawezi kushuka hata wakitaka. Joto linalotoka kiganjani ndiyo abiria. Kwenye chuma, joto likifika tu usoni huchukuliwa ndani, mahali pale pa mguso pakabaki baridi, na joto jingine likafuata. Kwenye mbao, joto la kwanza hukwama usoni. Ule uso mwembamba wa mbao chini ya kiganja hupanda haraka, karibu ulingane na ngozi, na hapo mtiririko hupungua wenyewe. Hisia ya uvuguvugu unayoipata kwenye mbao ni joto lako mwenyewe lililokosa pa kwenda.

Kinachofanya chuma kiwe na boda boda nyingi ni elektroni zake. Katika metali, elektroni nyingi hazifungwi kwa atomu moja. Hutembea ndani ya kipande kizima, na ndizo zinazobeba joto, kama zinavyobeba umeme. Mbao hazina elektroni huru za namna hiyo, na juu ya hayo zimejaa vitundu vya seli vyenye hewa, na hewa tulivu ni kipitishi kibovu sana cha joto. Ndiyo maana hata mbao zenyewe hazifanani. Musizi, ambao ni mwepesi, husikika vuguvugu kuliko mvule mzito, kwa kuwa mwepesi una hewa zaidi ndani yake.

Lakini upitishaji peke yake hautoshi. Chuma pia ni kizito, na kila sentimita yake ya ujazo inahitaji joto jingi kabla haijapanda nyuzi moja. Wanafizikia huunganisha mambo matatu, yaani upitishaji, uzito wa ujazo, na joto linalohitajika kupandisha kila kilo kwa nyuzi moja, kuwa namba moja inayoonyesha nguvu ya kitu kushikilia halijoto yake kinapoguswa. Huhitaji kukokotoa namba hiyo. Yatosha kujua uwiano: ukiipa mbao ya kawaida nguvu 1, ngozi ya binadamu ina takriban 3, na chuma cha kawaida kina takriban 33.

Vitu viwili vinapogusana, mahali pa mguso hukaa kwenye wastani wa halijoto zao, kila kimoja kikihesabiwa kwa nguvu yake. Kiganja cha mzazi wetu kina nyuzi 33, na bwenini ni nyuzi 16. Akigusa mbao, mbao zina hesabu 1 na ngozi hesabu 3: unachukua 16 mara moja, unajumlisha 33 mara tatu, unapata 115, unagawa kwa 4. Jibu ni nyuzi 29 hivi. Akigusa chuma, ngozi yenye 3 inapambana na chuma chenye 33, ambayo ni sawa na 1 kwa 11: 16 mara kumi na moja ni 176, ongeza 33 upate 209, gawa kwa 12. Jibu ni nyuzi 17 na kidogo.

Kwa hiyo ndani ya muda mfupi sana uso wa kiganja kile kile, katika chumba kile kile, umeshuka nyuzi 4 hivi upande mmoja na nyuzi 15 na nusu hivi upande mwingine. Kwenye mbao haukufika hata pale zile protini za baridi zinapoanza kufunguka. Kwenye chuma umepapita mbali. Sakafu ya saruji huangukia katikati, karibu nyuzi 23 kwa ngozi ya halijoto hiyo, na mwanafunzi yeyote aliyeshuka deka pekupeku saa kumi na moja asubuhi atakubali kwamba hapo ndipo mahali pake.

Hesabu hizi ni za mguso wa kwanza, wa ngozi iliyobana sawasawa, na wa chuma kinene. Mguu wa deka si chuma kinene. Kwa kawaida ni bomba la mraba lenye ukuta wa milimita moja au moja na nusu, na joto huvuka ukuta huo katika sehemu ndogo ya sekunde, kisha linakutana na hewa iliyo ndani ya bomba. Baada ya hapo halina pa kukimbilia ila pembeni, juu na chini ya mguu. Ndiyo maana ukiushikilia kwa dakika moja bila kusogeza mkono, ile baridi kali hufifia, jambo ambalo halitokei upesi hivyo ukishika nyundo au nanga ya chuma kizito. Katika dakika hiyo moja joto hupenya takriban sentimita 3 kwenye chuma, na takriban milimita 3 tu kwenye mbao. Unaweza kuhisi hilo mwenyewe: toa kiganja, kisha gusa kwa ncha ya kidole sehemu iliyo sentimita mbili kutoka mahali ulipokuwa umeshika. Kwenye bomba patakuwa pamepata joto kidogo. Kwenye mbao patakuwa kana kwamba hujawahi kufika.

Yule anayesema chuma kina baridi yake ya asili ningependa asafiri hadi Moroto, kule Karamoja, mwezi wa Januari, jua la saa tisa, ashike mlango wa chuma unaotazama magharibi. Tuseme mlango umefika nyuzi 50, na kando yake kuna mlango wa mbao uliofika nyuzi 50 vile vile. Hesabu ni ile ile. Kwenye mbao ngozi hupanda hadi nyuzi 37, na unaweza kuegemea ukaendelea na mazungumzo. Kwenye chuma hupanda hadi karibu 49, na maumivu ya joto huanza kwenye nyuzi 43 hivi, kwa hiyo utaruka. Chuma kile kile kilichoitwa barafu Kabale kinaitwa moto Karamoja. Na katikati ya hizo mbili kuna chumba cha nyuzi 33, ambamo chuma, mbao na kiganja viko sawa, joto halina sababu ya kwenda popote, na ukifumba macho utatofautisha chuma na mbao kwa ulaini na ugumu tu. Mchana wa joto kali kule West Nile huweza kukaribia hali hiyo.

Turudi kwa mzazi, maana bado ana swali la haki: sawa, halijoto ni moja, lakini kama chuma kinanyang'anya joto upesi namna hii, si kitamnyang'anya mtoto usiku kucha?

Kingefanya hivyo kama mtoto angelala juu ya chuma. Analala juu ya godoro. Sponji ya godoro ni hewa iliyofungiwa, na hupitisha joto vibaya hata kuliko mbao. Chukua godoro la sentimita 10, mwili wa nyuzi 33 juu yake, nyuzi 16 chini yake, na nusu mita ya mraba ya mgongo inayogusa. Joto linalopotea kupitia chini ni kama wati 3 na nusu. Mtu mzima aliyelala hutoa wati 70 hadi 80 kwa jumla, kwa hiyo hizo ni chache. Sasa ondoa vyuma vya chini ya godoro na uweke ubao mzima wa sentimita 2. Upotevu unashuka hadi wati 3 na kidogo. Hayo ndiyo mavuno yote ya gharama ya fundi. Lakini acha kitanda kilivyo, na lile godoro liwe limelaliwa miaka mpaka chini ya mgongo limebaki sentimita 3: upotevu unaruka hadi wati 11, mara tatu zaidi. Ukitaka kujua kama mtoto wako atasikia baridi, usiguse mguu wa kitanda. Bonyeza godoro katikati kwa ngumi uone kama unagusa vyuma.

Kuhusu nimonia, huo ni ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vijidudu, bakteria au virusi, ambavyo katika bweni hutoka kwa mtu kwenda kwa mtu kwa kikohozi na pumzi. Mguu wa kitanda hauna vya kuvuta. Ninachoweza kuwapa wazazi wanaohofia chuma ni kwamba pembe ya deka inaweza kugusa goti au kiwiko kilichotoka nje ya blanketi usiku, na hiyo inatosha kumwamsha mtoto. Kitambaa kilichofungwa pale kinamaliza kesi.

Chuma kinachostahili kutazamwa bwenini kiko juu, si chini. Niliyoyasema yote yanategemea vitu vilivyo katika chumba kimoja, na bati la paa haliko katika chumba kimoja: uso wake wa pili unatazama anga. Usiku wa anga safi, bati hutoa mionzi ya joto kwenda juu bila kurudishiwa kiasi kile kile, na kwa kuwa ni jembamba halina akiba, hushuka nyuzi kadhaa chini ya hewa hata ya nje. Hapo kipimajoto na mkono vinakubaliana: bati lina halijoto ya chini kweli. Pumzi za watoto wengi zinapanda, zinagusa bati, zinageuka maji, na alfajiri anayelala deka ya juu huona matone kwenye blanketi lake na kudhani paa linavuja. Blanketi lililolowa nalo halizuii tena joto vizuri, kwa sababu maji yamechukua nafasi ya hewa kati ya nyuzi zake. Silingi, hata ya mbao nyembamba, hutenganisha watoto na bati hilo na kuacha hewa katikati. Kama kamati ya wazazi ina fedha za fundi seremala, hapo ndipo pa kuzitumia.